Oda Tano kutoka Aislandi

Lorine Aloo alikuwa na tabia moja iliyowachosha wengi: hakuweza kuona jambo likifanyika bila kutaka kujua linafanyikaje. Akiwa msichana kule Kombewa, aliwahi kusimama asubuhi nzima kwenye dirisha la dawa hospitalini, akimuuliza mhudumu kwa nini vidonge vingine vina mstari katikati na vingine havina. Mama yake ndiye aliyekuja kumvuta mkono. Alipokua, tabia hiyohiyo ikampeleka katika karakana moja mjini Kisumu ambako wanawake walikuwa wakifunga inzi bandia. Kazi yenyewe ni hivi: unachukua ndoano ndogo, unaibana kwenye vaisi, kibanio cha chuma cha mezani, unaizungushia uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Kisha inauzwa ng'ambo kwa watu wanaovua samaki kwa kujifurahisha.

Karakana ilipofungwa, wengi walirudi kwenye kuuza mboga na vibarua vya kufua. Lorine alinunua vaisi tatu kuukuu za mwajiri wake, akakodi chumba cha mabati Nyalenda, hatua chache kutoka kwenye kioski cha maji, akawaita wenzake wawili. Mmoja alikuwa Rosa, mama mtu mzima mwenye vidole vilivyotulia kama vya daktari wa macho. Mwingine alikuwa Nakhungu, ambaye hakunyamaza tangu anapoingia mpaka anapotoka, lakini inzi wake hawakuwahi kupinda ubawa.

Wanunuzi aliwapata katika soko moja la mtandaoni la huko Ulaya, liitwalo Tingvik. Hapo mtu yeyote angeweza kufungua duka. Na kwa kuwa ndoano nzuri hazipatikani Kisumu, aliziagiza Korea kupitia soko hilohilo. Kwa hiyo akaunti yake ilikuwa na pande mbili: upande wa manunuzi, ambako yeye alikuwa mwagizaji mdogo anayesubiri ndoano zake zipite forodhani, na upande wa mauzo, ambako kulikuwa na watu wa mbali wanaomsubiri yeye. Upande huo wa mauzo ulikuwa na ukurasa wake mkubwa, dashibodi, ambao Lorine aliufungua kila asubuhi kwenye simu kabla ya kuwasha jiko la chai. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, lakini mle chumbani yalikwisha kupata majina ya nyumbani. Oda mpya ilikuwa "haijatumwa". Ikishapewa namba ya kufuatilia kifurushi ilikuwa "imetumwa". Ikipokelewa ilikuwa "imefika", na Nakhungu alipiga makofi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, Lorine alifungua dashibodi akakuta oda tano.

"Yawa!" alisema. "Tano kwa mpigo."

Rosa hakuinua macho kutoka kwenye vaisi. "Scotland tena?"

"Si Scotland. Ni Aislandi."

"Hiyo iko wapi?"

"Juu kabisa. Karibu na pale ramani inapoishia."

Kila oda ilikuwa ya pakiti moja tu. Na zote zilikuwa za inzi mmoja, yule mweusi mdogo ambaye Lorine alimbuni mwenyewe bila kufuata picha ya mzungu yeyote. Alimwiga kisubi wa ziwani, wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufunika taa za mji wakati wa mvua. Alikuwa amempiga picha kwenye kiganja, akaandika chini yake kwamba ni mdudu wa ziwa letu. Kwa miezi mitatu hakuna aliyemnunua.

Akaanza kuzisoma oda moja moja. Majina yalikuwa matano, yote ya wanawake, yote yakiishia na neno moja, dóttir. Anwani ilikuwa moja, nyumba moja, namba moja ya posta. Na zote ziliingia ndani ya saa moja.

"Ni dada," alisema Nakhungu. "Ona, jina la mwisho linafanana."

"Mwisho tu ndio unafanana. Mwanzo wa majina hayo ni tofauti, kila mmoja na wake."

"Basi ni wake wenza."

Rosa alicheka mpaka akapoteza uzi.

Lorine hakucheka. Swali lilikwisha kumwingia. Watu watano wa nyumba moja, wanaotaka kitu kimoja, kwa nini wasiagize kwa pamoja? Alivaa buti za mvua, akatia simu kwenye mfuko wa nailoni, akashika njia ya Kaloleni kwa Safia.

Safia alikuwa na duka la kutuma na kupokea mizigo, na ndiye aliyekuwa akimsaidia Lorine kuzitoa ndoano zake forodhani. Watu walimwita Mama Mujahid. Alikuwa amezaliwa Kaloleni, na mama yake alizaliwa Kaloleni, na katika miaka ya kushika vifurushi vya watu alikuwa ameona kila aina ya ujanja. Alivaa miwani yake, akaisoma simu kaunta ikiwa imejaa makaratasi.

"Karibu, nyar Seme," alisema, akimwita kwa Kiluo binti wa Seme, upande wa kwao Kombewa. "Kaa kwanza, umelowa." Akasoma kimya, kisha akashusha miwani. "Hizi mimi sizipendi."

"Kwa nini?"

"Mtu akiiba kadi za benki, kwanza anazijaribu. Ananunua kitu kidogo kwa kila kadi, aone kama inapita. Majina matano, kadi tano, mlango mmoja, saa moja. Baadaye wenyewe wakilalamika, soko linakunyang'anya ile pesa, na inzi wameshaenda. Ningekuwa wewe ningefuta."

"Nikifuta, dashibodi inaniandikia alama mbaya. Muuzaji anayefuta oda anashushwa chini. Na hapa, ona, kila oda inasema itumwe kufikia Alhamisi."

Tarehe hiyo haikutoka hewani. Lorine mwenyewe aliiweka bila kujua uzito wake, kwenye templeti ya usafirishaji: ile fomu ambamo muuzaji anaeleza mara moja tu anatuma kutoka wapi, anahitaji siku ngapi kuandaa mzigo, na anatoza kiasi gani kwa kila kundi la nchi. Kila bidhaa dukani hufuata templeti iliyopewa. Yeye alisema siku tatu za kazi, na soko likahesabu.

"Basi una mpaka Alhamisi ya kufikiri," alisema Safia. "Lakini kabla hujafikiri, tusome hela. Mwizi haangalii gharama, maana hela si yake. Pengine ada zitatuambia kitu."

Hapo ndipo walipofungua ukurasa wa ada, ambao Lorine huuruka kwa kawaida kwa sababu una mistari mingi na kila mstari unakata kidogo. Safia aliusoma kwa utulivu wa mtu anayesoma ankara kila siku ya Mungu. Kwa kila oda kulikuwa na mstari wa kamisheni juu ya bei ya bidhaa. Chini yake mstari wa kamisheni juu ya pesa ya kutuma, kwa sababu soko hilo hukata asilimia yake kote kuwili. Kisha mstari wa kupokea malipo, wenye asilimia na kiasi kidogo kisichobadilika hata kama umeuza sindano.

"Huu wa mwisho umekatwa mara tano," alisema Safia. "Wangeagiza pamoja, kile kiasi kisichobadilika kingekatwa mara moja. Hapo umeumia kidogo." Kidole chake kikapanda juu, kikasimama. "Lakini hebu, huu ni nini? Fungua oda ya Scotland ya juzi, tulinganishe."

Lorine akafungua. Kwenye oda ya Scotland, kamisheni juu ya pesa ya kutuma ilikuwa kiasi cha kuonekana. Kwenye zile tano za Aislandi ilikuwa senti, senti hasa, mstari uliokaribia kuwa sifuri.

"Asilimia ni ileile?" aliuliza Lorine.

"Ileile."

"Basi kama kamisheni ni ndogo hivi, hata pesa yenyewe ya kutuma ilikuwa ndogo."

Walitazamana. Safia akauliza taratibu, "Wewe watu wa Aislandi unawatoza kiasi gani?"

"Euro kumi na mbili pakiti ya kwanza. Halafu euro moja kwa kila pakiti inayoongezeka, maana inzi hawana uzito."

"Mstari huu unasema umewatoza moja."

Mvua ilizidi juu ya mabati. Lorine alirudi Nyalenda akiwa na swali jipya lililolisukuma lile la kwanza pembeni, na kwa kweli alikuwa amefurahi.

Chumbani alimwambia Nakhungu ashike simu yake mwenyewe, ya Nakhungu, waingie sokoni kama wanunuzi. Kwanza walikwenda kwenye duka la yule Mkorea wa ndoano. Lorine alijua duka hilo kama mfuko wa aproni yake. Aliweka boksi moja la ndoano kikapuni, akaangalia pesa ya kutuma hadi Kenya. Akaongeza boksi la pili. Pesa ya kutuma ilipanda kidogo tu. La tatu, ikapanda kidogo tena.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," alisema. "La kwanza linabeba mzigo wote, mengine yanapakiwa juu yake."

Kisha wakaingia kwenye duka lao. Soko lilimruhusu mtu kuchagua nchi anakotaka kupelekewa, wakachagua Aislandi. Pakiti moja ya inzi weusi: kutuma, euro moja. Pakiti mbili: euro kumi na tatu. Pakiti tano zilifika arobaini na tisa.

Nakhungu alifunika mdomo. "Mungu wangu. Sisi ndio wezi!"

Lorine alifungua templeti yake. Ilikuwa ile mpya, aliyoitengeneza mwezi uliopita kwa ajili ya Norway na Aislandi, siku ambayo maji yalikatika na kila mtu alikuwa foleni kwenye kioski. Kulikuwa na visanduku viwili vilivyokaa bega kwa bega, kimoja cha bidhaa ya kwanza na kingine cha kila bidhaa inayoongezeka. Alikuwa ameandika moja kwenye cha kwanza na kumi na mbili kwenye cha pili. Hapohapo akazibadilisha nafasi.

"Basi hao watu si wezi," alisema Rosa, ambaye alikuwa amesikiliza yote bila kuacha kufunga. "Wameona kikapu kinawatoza vibaya, wakagawana. Hata mimi ningefanya hivyo."

"Pengine. Pengine ni wezi wenye akili."

"Si uwaulize, mama? Kuuliza si kazi yako?"

Lorine aliona haya kwamba wazo hilo halikumjia yeye. Akamwandikia yule wa kwanza kwenye orodha, Sigrún, kwa Kiingereza chake cha shule ya Seme. Alisema amepata oda tano za nyumba moja. Alisema kosa la bei ya kutuma lilikuwa lake na ameshalirekebisha, na oda zao zitabaki kama walivyolipa. Kwa hakika hata angetaka zisingebadilika, kwa sababu templeti mpya huanza kazi kwa anayekuja, si kwa aliyekwisha kulipa. Akauliza kama wangependa pakiti zote ziende kwenye kifurushi kimoja. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akauliza swali lililomkereketa tangu asubuhi: kwa nini huyu mweusi, ambaye hakuna mtu anayemtaka?

Jibu lilikuja kesho yake saa za chai, refu kama barua. Lorine alilitafsiri kwa sauti, akisimama kila mahali ili Nakhungu apate kusema lake.

Sigrún alisema alikuwa mkunga, sasa amestaafu. Yeye na wenzake wanne walikuwa wakivua pamoja kila kiangazi, na anwani ilikuwa ya kwake kwa sababu ndiye pekee ambaye gari la posta linamfikia bila shida. Hawakuwa dada. Kwao, alieleza, jina la mwisho la mwanamke husema tu kwamba yeye ni binti wa fulani. ("Kumbe dóttir ndiyo nyar yetu!" alisema Rosa, na akalirudia neno hilo kwa ulimi wake siku nzima.) Walikuwa wamejaribu kuagiza kwa pamoja, wakaona kutuma kunapanda kwa namna ya ajabu, wakafikiri labda ndivyo posta ya Kenya inavyohesabu. Ndiyo, tafadhali, kifurushi kimoja, maana posta ya kwao hutoza ada ya kushughulikia kila kifurushi kinachotoka ng'ambo.

"Na kuhusu mweusi," Lorine aliendelea kusoma, "mimi naishi karibu na ziwa linaloitwa Mývatn. Maana yake ni ziwa la visubi. Kiangazi wanapanda kutoka majini kama nguzo za moshi. Tunavaa vyandarua usoni. Nilipoona picha yako kwenye kiganja nilidhani ni mkono wa jirani yangu. Niambie, huko kwenu pia wanapanda hivyo? Na samaki wa ziwa lenu wanamkamata inzi wako?"

Nakhungu akaomba sehemu hiyo isomwe tena.

Rosa aliinua macho. "Wanamkamata?"

"Nani?"

"Samaki wetu. Wanamkamata?"

Hakuna aliyejua. Walikuwa wamefunga maelfu ya inzi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumtia majini. Ziwani watu walitega nyavu, au walivua omena, dagaa wa ziwani, kwa taa. Nani angekwenda kumdanganya samaki kwa unyoya wa jogoo?

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, Lorine alishuka hadi ufuko wa Dunga kwa mumewe Owiti, fundi wa injini za mashua. Owiti alikuwa na mikono myeusi ya grisi na moyo mwepesi, na alipoelezwa hakuuliza mara mbili. Alitafuta fimbo ndefu, wakafunga uzi wa nailoni, mwisho wake wakamfunga inzi mweusi. Walisimama kwenye ukingo wa gati la mbao, wauza samaki wakiwatazama.

"Baba Peris," mmoja wao alimwita Owiti, "mmekosa mboga mpaka mnavua na nywele?"

"Tunafanya utafiti wa Ulaya," Owiti alijibu, na watu wakaangua kicheko.

Inzi alikaa juu ya maji, akaelea. Hakuna kitu. Lorine akamvuta, akamrusha karibu na magugu. Hakuna kitu. Akamrusha tena, na safari hii maji yalifanya duara dogo, fimbo ikatikisika mkononi kama inapigwa na kidole. Alipiga kelele. Alivuta, na hewani akaning'inia fulu, samaki mdogo asiyezidi kiganja, akimeta rangi ya shaba, ndoano nyeusi ikiwa pembeni ya mdomo wake.

Lorine hakumtoa mara moja. Alimshika kwa mkono uliolowa akamkazia macho. Kwa miaka yote alikuwa amefikiri kwamba anatengeneza mapambo madogo ambayo watu wa mbali wana sababu zao za kuyanunua. Na sasa kiumbe kilichokula wadudu hao kila siku ya maisha yake kilikuwa kimetazama kazi ya mikono yake na kikaamini. Owiti, aliyekuwa akimpiga video tangu aanze kurusha, alipiga picha, kisha akamrekodi tena na nyuma yake nguzo ya visubi iliyokuwa imeanza kupanda kutoka ziwani, kijivu, ikiinama na upepo. Fulu akarudishwa majini.

Jumatano Lorine alipakia pakiti tano kwenye kifurushi kimoja, akaandika fomu ya forodha akieleza ni ndoano zilizofungwa manyoya ya jogoo, akampelekea Safia. Safia alikipima, akakipeleka posta, akamletea risiti yenye namba ya kufuatilia. Lorine aliiandika kwenye oda ya Sigrún, ikawa "imetumwa". Akarudi kwenye vaisi akiwa na amani.

Alhamisi asubuhi dashibodi ilikuwa nyekundu. Oda nne bado zilikuwa "haijatumwa", na juu yake kulikuwa na onyo kwamba mwisho ni leo.

"Mama Mujahid!" alilia kwenye simu. "Kifurushi si kimeondoka?"

"Kimeondoka."

"Mbona nne zinasema bado?"

Safia akacheka. "Lorine, wewe unaona kifurushi kimoja. Dashibodi haioni kifurushi. Yenyewe inaona oda tano, na nne hazina namba. Iandike namba hiyohiyo kwa kila moja. Anwani ni moja, itakubali."

Aliiandika mara nne, akihakiki kila tarakimu. Moja baada ya nyingine, zile nyekundu zikazimika. Lorine alikaa akiangalia skrini kwa muda, akishangaa jinsi kitu kinavyoweza kuwa kimekwisha kufanyika duniani na bado hakijafanyika pale.

Safia naye hakuwa ameliacha lile neno lake la mwanzo. Alipopita Nyalenda Jumamosi kuleta unga wa mahamri aliomwahidi Rosa, alisimama mlangoni akasema, "Nilisema ufute. Nilikosea."

"Hukukosea. Ungekuwa ni wizi ungeniokoa."

"Haya. Lakini nionyeshe hiyo video ya samaki, watu wote Dunga wameiona isipokuwa mimi."

Kifurushi kilisafiri. Kila siku mtu mmoja mle chumbani aliuliza kimefika wapi, na Lorine alisoma: kimeondoka Nairobi, kiko njiani, kimefika nchi ya mpokeaji, kiko forodhani. Hapo forodhani kilikaa mpaka Nakhungu akaanza kukiombea. Wakati huo Sigrún alikuwa ameiona video aliyotumiwa na Lorine. Aliandika kwamba wote watano wameiangalia mezani kwake, na kwamba Lorine ana mkono mzuri wa kurusha ingawa anasimama vibaya. Akaleta ombi. Kisubi wa kwao ni mdogo kidogo kuliko wa Kisumu. Je, Lorine angeweza kumfunga kwenye ndoano ndogo zaidi, na kuweka uzi mwekundu kidogo tumboni, kama anavyokuwa kabla hajatoka majini? Wangetaka pakiti nyingi, kabla kiangazi hakijaisha.

Ndoano ndogo hivyo hakuwa nazo. Lorine aliandika kwa Mkorea, akaagiza, na upande wa manunuzi ukaanza nao kumwambia "inaandaliwa". Rosa aliogopa.

"Zikichelewa forodhani? Oda yao itaingia hapa, siku tatu, dashibodi inakuwa nyekundu tena."

"Haitakuwa." Lorine alikuwa ameshalifikiria hilo njia nzima kutoka Kaloleni. Alifungua templeti, lakini hakuigusa ile ya zamani, ambayo bidhaa nyingine zote ziliitegemea. Alitengeneza nyingine kando, ya kazi za kuagizwa, yenye wiki tano za maandalizi badala ya siku tatu: muda wa ndoano kutoka Korea, muda wa Safia kuzitoa, muda wa vidole vyao. Alipofika kwenye visanduku viwili alimwita Nakhungu asimame nyuma yake.

"Soma kwa sauti."

"Bidhaa ya kwanza, kumi na mbili. Kila inayoongezeka, moja."

"Tena."

Nakhungu akasoma tena, kwa sauti ya kanisani. Kisha wakaingia kama wanunuzi kwa simu ya Nakhungu, wakachagua Aislandi, wakaweka moja, wakaweka kumi, wakaona kikapu kinavyotoza. Ndipo Lorine akaifungamanisha templeti hiyo na inzi mpya mwenye tumbo jekundu.

Oda iliingia siku iliyofuata. Ilikuwa moja, kubwa, ya majina matano kwa mkono wa Sigrún. Kwenye ukurasa wa ada mstari wa kupokea malipo ulikuwa mmoja, na tarehe ya kutuma ilikuwa mbali, mwezi ujao, ikiwa imetulia.

Alasiri hiyohiyo zile tano za kwanza zilibadilika zote pamoja kuwa "imefika". Nakhungu alipiga makofi mara tano, akihesabu majina ya mabinti wa watu asiowajua. Muda si mrefu ikaingia picha. Lorine alidhani ni ya samaki. Ilikuwa ya wanawake watano waliovaa makoti mazito, wamekaa kwenye viti vya kukunja katikati ya uwanja mweupe, na mbele yao kulikuwa na tundu la duara lililojaa maji meusi. Sigrún alikuwa ameandika kwamba ni ya majira ya baridi yaliyopita, na kwamba pale walipokaa ni juu ya ziwa.

Simu ilizunguka meza. Rosa aliisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Juu ya ziwa," alisema. "Wamekaa na viti."

"Limeganda, mama," alisema Lorine.

"Najua barafu. Nauliza samaki. Huko chini wanapumua nini?"

Swali hilo likamwingia Lorine naye. Alivuta simu, akaanza kumwandikia Sigrún.